Hoja tisa zimekuwaje nne?

Wiki iliyopita mwalimu mmoja alitupigia akiwa amefura. Timu yake ilisimama kwenye mdahalo na kutoa hoja tisa, alizihesabu mwenyewe, lakini muhtasari tuliowaandalia majaji kutoka kwenye rekodi ulikuwa na hoja nne. "Nyingine mmezipeleka wapi? Au mnafupisha ili mmalize haraka?" Si wa kwanza kutuuliza hivyo, kwa hiyo leo tujibu kwa kirefu.

Mada ilikuwa shule za bweni ni bora kuliko za kutwa. Mtetezi wa kwanza alisema mwanafunzi wa kutwa anapoteza njiani saa za kujisomea. Wa pili akaeleza habari za mtoto anayetoka Mbagala kwenda Posta kila siku. Wa tatu akasema mtoto huyo anafika darasani amechoka. Mwalimu hapo alihesabu tatu, sisi tuliandika mbili. Kipimo chetu ni swali moja: wapinzani wakiijibu hii, ile nyingine inabaki imesimama? Wapinzani walisema saa zilizopotea zinafidiwa jioni na wikendi. Jibu hilo linaigusa hoja ya kwanza pamoja na habari za Mbagala, maana Mbagala ni mfano tu wa saa zilezile. Uchovu haukuguswa, kwa hiyo una mstari wake. Mfano hatuutupi, tunauweka chini ya hoja yake pamoja na dakika uliposemwa. Tungeandika tisa, jaji angedhani wapinzani wameacha hoja tano bila kujibu, kumbe sivyo.

Na hapo ndipo kazi inapokula muda. Muhtasari wa mdahalo haufuati nani alitangulia kusema. Kila msemaji ana safu yake, na kila hoja ina mstari unaovuka safu zote. Jibu lililotolewa dakika ya 41 linarudishwa kwenye mstari wa hoja iliyosemwa dakika ya 6. Neno "haikujibiwa" hatuliandiki mpaka msemaji wa mwisho wa upande wa pili akae chini, kwa sababu wengine hujibu wakiwa wanafunga, tena kwa maneno tofauti kabisa na yale ya mwenzao. Msemaji akikataa hoja bila kutoa sababu, tunaandika "amekataa, sababu hakutaja". Hatumtafutii sababu hata kama tunaijua. Alama nazo si zetu, ni za majaji.

Kwa hiyo mtu anaposema shilingi 1,500 tunazotoza kwa dakika ya rekodi ni wizi kwa sababu "mnasikiliza tu", ajue dakika moja ya mdahalo inatuchukua tano au sita, na ukumbi ukiwa na feni zinazolia zinazidi.

Bei hii ndiyo iliyomponza mratibu mmoja mwaka jana. Rekodi yake ilikuwa ya dakika 58. Kabla ya kututumia akakata dakika sita za "kelele", yaani makofi, kengele za mtunza muda, na wale wanaonyanyuka kusema "Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti!" Hakutuambia. Akalipa 78,000 badala ya 87,000.

Mada ilikuwa wanafunzi waruhusiwe kuwa na simu shuleni. Tulipofika mwisho tukamsikia mpinzani akisema, "Mwenzetu amekiri mwenyewe kwamba kompyuta za maktaba zingetosha." Tukarudi nyuma mara tatu, hakuna aliyekiri. Tukaandika kwamba kauli hiyo haimo kwenye rekodi. Jaji aliyekuwepo ukumbini akapiga simu kushangaa, kwani yeye aliisikia kwa masikio yake.

Mratibu alipoleta rekodi nzima tukaikuta kwenye mojawapo ya zile "Taarifa" alizokata. Mpinzani aliuliza kama kompyuta za maktaba hazitoshi kutafutia vitabu, na mtetezi akajibu, "Zingetosha, kama zingekuwa na intaneti." Kumbe alikiri kwa sharti, na mpinzani alipofunga aliliacha sharti. Jaji anayesoma anahitaji kuyaona yote mawili kwenye mstari mmoja. Tena dakika zote tulizoandika baada ya sehemu iliyokatwa zilikuwa zimehama, ikabidi tupitie jedwali upya. Alilipa zile 9,000 alizookoa, na nusu ya bei ya mwanzo, 39,000. Alinung'unika, nasi hatukupunguza.

Basi leteni rekodi kama ilivyo, makofi na yote. Pamoja nayo tunaomba karatasi ya wasemaji kwa mpangilio waliosimama, kwa sababu sauti za wasichana wawili wa kidato cha pili kwenye spika moja hufanana mno. Mwalimu wa hoja tisa tulimtumia jedwali lenye mifano yake yote mitano ikiwa chini ya hoja husika. Amesema ataliangalia.