Kwa nini tunalipisha maneno ya kadi ya kinyozi

Wenye saluni za kunyolea wakija kwetu kuchapa kadi za wateja, wakiona makadirio huuliza jambo lilelile: "Fundi, kumbe na maneno unayatoza?" Juzi mmoja aliondoka amenuna, anasema tunamlipisha sentensi mbili ambazo mwanawe angeandika. Kwa hiyo nieleze hiyo pesa inalipia nini.

Njia ya mkato tunaijua. Mtu anapiga picha kadi ya saluni nyingine, anatuletea kwenye simu, anasema tubadilishe jina tu. Mteja wetu mmoja alifanya hivyo, na akakataa kabisa tuguse maandishi. Kadi yake ilisema: "Nyoa 5, ya 6 bure! Lete rafiki upate punguzo." Alichapa nyingi ili kila moja imwangukie kwa bei nafuu. Hazijafika nusu akarudi kuzichapa upya, na safari hiyo alilipia karatasi, wino, kukata na maneno.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa ile "bure". Baba mmoja alikuwa akija na watoto wake, na kila kichwa cha mtoto kiligongewa muhuri kwenye kadi moja. Mihuri ilipotimia akakaa yeye kitini, akataka kichwa, ndevu, skrabu na kupaka rangi. Mwenye saluni akasema bure ni kichwa tu. Baba akaigeuza kadi, akauliza imeandikwa wapi. Haikuandikwa popote, na alikuwa na haki ya kuuliza. Akalipa kwa hasira na hakurudi, wala watoto hawakurudi.

Ugomvi wa pili haukuonekana mbele ya wateja. Vinyozi wa saluni ile wanalipwa kwa kamisheni, nusu kwa nusu na mwenye saluni. Kichwa cha bure hakiingizi kitu, basi kinyozi naye hapati kitu. Wakaanza kumkwepa mteja mwenye kadi iliyojaa: mmoja anasema anakwenda kula, mwingine anasema mashine haina chaji. Mteja aliyeaminika kuliko wote ndiye aliyenyolewa harakaharaka. Mwenye saluni alipokubali kuilipa ile nusu kutoka mfukoni mwake, tukamfanyia hesabu ambayo ingefanywa mwanzoni.

Hesabu yenyewe ni hii. Wateja watano wanaolipa humwachia mwenye saluni thamani ya vichwa viwili na nusu. Akimlipa kinyozi na kile cha sita cha bure, anabaki na viwili. Ametoa moja ya tano ya fungu lake, ilhali alidhani anatoa kichwa kimoja tu. Ofa ikiwa ni kulipia 10 na kupata kimoja bure, vitano vyake vinabaki vinne na nusu, yaani anatoa moja ya kumi. Na hapo bado kodi ya chumba, umeme na nyembe havijaguswa. Ndiyo maana kabla ya kuandika neno lolote tunamuuliza mtu anavyowalipa vinyozi wake. Wengine huona tunachungulia mambo yasiyotuhusu, lakini idadi ya visanduku kwenye kadi inatoka hapohapo.

Watasema 10 ni nyingi, mteja atakata tamaa. Kwa hilo kuna jaribio zuri la mwaka 2006, la watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze, kwenye sehemu ya kuosha magari. Waligawa kadi 300. Nusu zilikuwa na visanduku 8 vitupu. Nusu zilikuwa na 10, lakini 2 vimeshagongwa muhuri. Wote walibakiwa na safari 8 zilezile, lakini waliokamilisha upande wa kwanza ni asilimia 19, na upande wa pili asilimia 34. Mtu aliyeona ameshaanza alikuwa na hamu zaidi ya kumaliza. Basi kwa saluni ile tulichora visanduku 12, viwili tukavichapa vimejaa kabisa, na juu yake tukaandika: "Karibu. Mihuri 2 ya kwanza ni zawadi yetu."

Kisha muda wa kadi. Yule mwenye saluni alitaka "miezi 6" kwa sababu ndivyo alivyoona kwingine. Mtu anayenyoa kila baada ya wiki tatu analipia mara ya 10 wiki 27 baada ya muhuri wake wa kwanza, na hiyo imeshapita miezi sita. Kadi yake ingekufa bado kidogo ijae, tena yeye hajakosa hata zamu moja. Tuliandika miezi 12 tangu muhuri wa kwanza wa kulipia, na tukaacha mstari wa kujaza tarehe hiyo kwa kalamu.

Upande wa kuleta rafiki ulitusumbua zaidi. "Punguzo" bila kiasi ni mwaliko wa mabishano, na "rafiki" ni mtu yeyote. Kulikuwa na kijana aliyeshinda kwenye benchi la saluni, kila sura ngeni ikiingia anadai ni yeye aliyeileta. Tulipoandika upya tulifunga mambo matatu: nani ni mgeni, anatajwa lini, na zawadi inatoka lini. Chini ya kadi tukaweka vipande viwili vya kuchana, kila kimoja kina namba ya kadi ya mwenyewe. Asiye na kipande hana aliyemleta, na vipande vikiisha ofa imekwisha hadi kadi nyingine. Kutoboa matundu ya kuchania kunaongeza gharama kidogo, nami naitetea hiyo gharama kuliko nyingine zote.

Maneno yaliyotoka ni haya:

"Muhuri 1 kwa kila kichwa cha mtu mzima kilicholipiwa. Ukijaza 12, kichwa kimoja cha mtu mzima ni bure. Ndevu, skrabu na rangi hulipiwa. Kadi haibadilishwi kwa fedha. Hutumika miezi 12 tangu tarehe iliyoandikwa.

Mlete mgeni: mpe kipande cha chini. Mgeni ni mtu ambaye hajawahi kunyolewa hapa. Akitoe kabla ya kukaa kitini. Akishalipa, wewe unapata mihuri 2 na yeye anapata kadi yake."

Tuliziacha ndevu nje kwa makusudi, kwa sababu zinamchukua kinyozi muda wake. Watoto walipata kadi yao ya rangi nyingine, na wazazi waliipokea bila neno. Zawadi ya kuleta mgeni tuliifanya mihuri badala ya punguzo ili mwenyewe arudi tena kuitumia, na droo isiguswe siku hiyo.

Hayo yote yanakaa kwenye kadi ya milimita 85 kwa 55, herufi zikiwa bado zinasomeka bila miwani. Sentensi ikizidi, tunaikata upya, hatupunguzi herufi. Upande wa mihuri hatuuwekei nailoni hata ukiomba, kwa sababu wino wa muhuri haukauki juu yake: mteja anaiweka kadi mfukoni, muhuri unafutika, na ugomvi unaanza.

Maneno unayalipia mara moja. Ukirudi kuchapa nyingine tunakutoza karatasi na uchapaji tu, na kama ni neno moja la kurekebisha hatutozi. Ukija, njoo na majibu mawili: vinyozi wako unawalipaje, na mteja wako wa kawaida hunyoa kila baada ya wiki ngapi.