Wanawake katika historia ya muziki: tuanze na mchapishaji

Ndugu Mhariri,

Wanaouliza kwa nini vitabu vya historia ya muziki wa Ulaya havina wanawake hujibiwa upesi: hawakutunga kazi kubwa. Ubishi huo ukiendeshwa kwa kulinganisha vipaji hauishi, kwa sababu kipimo chenyewe kimetokana na kazi zilizochapishwa.

Afadhali kufuatilia njia ya kazi moja. Fanny Mendelssohn, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, alitunga vipande vya muziki zaidi ya 400, lakini baba yake alimwandikia mwaka 1820 kwamba kwake muziki utakuwa pambo tu. Nyimbo zake sita zilitoka ndani ya mikusanyo miwili ya mdogo wake wa kiume, mtunzi Felix, ya 1827 na 1830, kwa jina la Felix. Mkusanyo wa kwanza aliouidhinisha mwenyewe ulitoka 1846. Mwaka uliofuata alifariki. Sonata yake ya Pasaka ya 1828 ilirekodiwa mwaka 1972 kama ya Felix, na ni mwaka 2010 tu mwandiko na namba za kurasa za mswada zilipothibitisha kuwa ni yake.

Kwa hiyo anayebisha aulize: nani alichapa, kwa jina gani, na noti za muziki zilipatikana wapi? Kuongeza jina kwenye kisanduku pembeni mwa sura ya kitabu hakutoshi, maana sura yenyewe bado inahesabu simfonia na opera, kazi zilizohitaji okestra na ukumbi, huku muziki wa sebuleni, alikoruhusiwa Fanny, ukiitwa mdogo.

Msomaji,
Dar es Salaam