Barua ya wazi kwa kamati na wanakikundi: Chupa ile nyeupe niletewe mimi

Wanangu,

Sikusema kitu siku ile. Nilikuwa nimekaa pembeni kama mlezi wa kikundi anavyokaa, nikaona chupa ya rangi nyeupe ya kufutia ikitoka mfukoni, kifuniko kikafunguliwa, na daftari la mahudhurio likapakwa mara mbili kama ukuta wenye ufa. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona nani atasema. Alisema mmoja tu, tena mdogo kuliko wote pale mezani, mkamwambia anachelewesha watu. Nimeshindwa kulala na jambo hili, ndiyo maana naandika, na naandika wazi ili wale ambao hawakuwepo nao wasome.

Niwakumbushe kisa chenyewe, maana nasikia tayari kinasimuliwa kwa namna tatu.

Ilikuwa wiki ya 14 ya mzunguko. Wanachama ni 24, mchango ni 500 kwa kila mtu. Mweka hazina alihesabu fedha za siku akapata 10,000, na daftari la michango likaonyesha watu 20 wamelipa. 20 mara 500 ni 10,000. Sanduku na daftari vimekubaliana, kila mtu akaanza kutafuta viatu. Yeye akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: akaomba daftari la mahudhurio. Humo waliohudhuria walikuwa 18.

Mwenyekiti hakuhangaika, na kusema kweli hoja yake ya kwanza ilikuwa na akili. Alipitisha kidole kwenye madaftari yote mawili, namba kwa namba. Namba 4 hayupo lakini amelipa. Namba 21 hayupo lakini amelipa. Namba nyingine zote zimelingana. Namba 4 alimtuma ndugu yake alete mchango, wote tulimwona. Namba 21 alifika mahudhurio yamekwisha kufungwa. Tofauti ni 2, maelezo ni 2, mambo yamekwisha. Hapo ndipo ilipotoka chupa. "Wajaze wote wawili kuwa wapo," katibu akaambiwa, "wakaguzi wasije wakatusumbua."

Binti, yule mweka hazina, akauliza: "Nikisoma majina badala ya namba, kuna ubaya?"

Mkaguna. Akaendelea. Aliweka rula kwenye daftari lake, akamwomba katibu asome jina la kila aliyehudhuria, naye akawa analitafuta jina hilo kwenye michango. Walipofika kwa yule mama anayekaa siku zote karibu na dirisha, rula ilisimama. Mahudhurio yalisema yupo. Naye alikuwepo kweli, amekaa palepale. Michango ilisema hajalipa, na faini alikwisha kutozwa. Mstari uliofuata ulikuwa wa kijana ambaye siku hiyo hakuonekana kabisa, wala hakutuma mtu, na michango ilisema amelipa.

Mnaona kilichotokea? Mwanzoni mwa mzunguko katibu alinakili majina kwenye daftari jipya la mahudhurio, na majina mawili yakapishana. Kwenye daftari la michango mama ni namba 16 na kijana ni 17. Kwenye mahudhurio mama ni 17 na kijana ni 16. Na nyinyi mna ile tabia yenu ya haraka: mtu akija na fedha, katibu anamtafuta kwenye mahudhurio na kuita namba, mweka hazina anatia alama kwenye namba hiyohiyo bila kutazama jina. Mama analeta fedha, inaitwa 17, alama inakwenda kwa kijana.

Sasa tulieni kidogo hapa. Ukilinganisha namba, huoni kitu: 17 yupo, 17 amelipa, 16 hayupo, 16 hajalipa. Ukihesabu fedha, huoni kitu: 500 ya mama imo sandukuni. Ukijumlisha daftari la michango, huoni kitu: watu ni 20. Kosa la kuandika fedha ya mtu kwenye mstari wa mtu mwingine halibadilishi jumla hata kwa senti moja. Linambadilisha mtu. Na siku ambazo wote wawili wamekuja na kulipa, au wote wawili hawakuja, halionekani hata kwa majina. Linachungulia siku moja tu, siku mmoja yupo na mwenzake hayupo, na linachungulia likiwa na sura mbili kwa pamoja: mtu aliyekuwepo hana alama ya malipo, na jirani yake wa mstari asiyekuwepo anayo. Ukiona jozi ya namna hiyo kwenye mistari inayofuatana, usiwaze wizi kwanza. Waza mkono ulioteleza.

Binti aliwaza hivyo. Akafungua kurasa za nyuma, wiki ya kwanza hadi ya 13, akiwatazama hao wawili tu. Akakuta jozi ileile wiki ya 5, na wiki ya 9 ikiwa imegeuka: mara hiyo kijana ndiye aliyekuja, mama hakuja, na mama ndiye aliyeandikiwa mchango. Kwa hiyo mama alipoteza mara mbili na kupewa cha mwenzake mara moja. Ukijumlisha hadi wiki ya 14, mstari wake umepungua 500 na wa kijana umezidi 500. Mtu angesubiri siku ya mgawo angekuta pengo dogo kuliko makosa yaliyolizaa, nalo angelipuuza.

Lakini mama hakusubiri. Wiki ya 5 alisema, "Mimi nimelipa." Nakumbuka, kwa sababu nilikuwepo. Mkamjibu, "Daftari halisemi hivyo, mama," akatozwa faini ya kutochangia, akailipa, akakaa. Tangu siku hiyo kukawa na minong'ono kwamba anasahau sahau. Mtu mzima amekaa na sisi miaka, anasema ametoa fedha kwa mkono wake, na hakuna aliyenyanyua daftari la pili kutazama! Tumekuwa watu wa ajabu. Karatasi ikisema jambo na mtu akisema jingine, tunaiamini karatasi, hasa mtu huyo akiwa hana sauti kubwa. Na anayesema "hesabu haziendi" tunamtazama kama mwizi, wakati anayesema "zimefunga" tunampigia makofi. Si kwenye kikundi hiki tu. Nimeona kwenye misiba, nimeona kwenye harusi, nimeona kamati za wazazi.

Nirudi kwenye chupa, kwa kuwa ndiyo inayoniuma.

Daftari la mahudhurio halikuwekwa ili lifanane na la michango. Kama lengo lingekuwa kufanana, daftari moja lingetosha. Ni mashahidi wawili: mmoja anashuhudia nani alikuja, mwingine nani alitoa. Ukimpaka rangi mmoja ili aseme alichosema mwenzake, umebaki na shahidi mmoja na mwangwi wake. Na mama yule ushahidi wake pekee ulikuwa mahudhurio, maana risiti hamtoi. Leo mmefuta 4 na 21 kwa nia njema. Kwa mkono huohuo kesho mngekuta mama yupo na hajalipa, mkaona usumbufu, mkamwandika hayupo. Tungekuwa tumemwibia kwa rangi, na sanduku lingeendelea kusoma sawasawa.

Najua ninachokisema kwa sababu nimewahi kukifanya. Nilipokuwa katibu wa kikundi kingine, kijana kama nyinyi, sikuwa na chupa, nilikuwa na wembe. Nilikwangua karatasi taratibu nikaandika upya, hesabu zikafunga, nikasifiwa. Miezi michache baadaye mwanachama mmoja aliuliza kuhusu mkutano uleule, na mimi mwenyewe sikuweza kusema ukweli ulikuwa upi, kwa kuwa niliukwangua. Alijitoa kwenye kikundi. Sikumlaumu.

Sasa tazameni matokeo baada ya kila kitu kunyooshwa kwa haki. Namba 21 alichelewa, aandikwe amechelewa, alipe faini ya kuchelewa na si ya kutokuja. Waliohudhuria wanakuwa 19. Alama ya kijana inahamia kwa mama. Waliolipa wanabaki 20. Je, 19 na 20 vinafanana? Havifanani, na havitakiwi kufanana. Namba 4 hakuja. Alituma. Kumwandika "yupo" ni uongo hata kama fedha yake ipo. Tofauti ya mmoja yenye jina na sababu pembeni ni hesabu safi kuliko 20 kwa 20 zilizopakwa chokaa.

Mengine nayataja tu. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, liandikwe sahihi juu yake, kisha tarehe na saini za watu wawili. Liitwe jina, si namba. Anayeleta mchango wa mwenzake aandikwe jina lake pembeni. Madaftari yalinganishwe kabla sanduku halijafungwa, watu wakiwa bado wamekaa, kwa maana ukimfuata mtu nyumbani kumuuliza, atakujibu kwa kukisia. Na katibu na mweka hazina wasiwe mtu mmoja hata siku moja ya dharura: mkono ukiwa mmoja, hayo madaftari mawili hayana la kubishana.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nasikia mnataka mzunguko ujao kila mtu anunue hisa kadiri ya uwezo wake, moja hadi tano. Ulinganifu huu wa binti hautawatosha. Mahudhurio yanajua umekuja, hayajui umeleta kiasi gani. Mama akilipa hisa tatu na kijana moja, wote wakiwepo, zikipishana hakuna daftari litakalopiga kelele. Siku hiyo mtahitaji kila mwanachama ashike kitabu chake, kiasi kisomwe kwa sauti, naye aitikie kabla mwingine hajaitwa. Kama hamko tayari kwa kazi hiyo, bakini na mchango sawa.

Binti yangu mweka hazina, nilikuona ulivyokunja rula mkononi walipoguna. Ningekusemea palepale, nisamehe. Uliuliza vizuri, na uliuliza mbele ya watu wote badala ya kunong'ona na mmoja mmoja.

Kwa mkutano ujao: ile rangi kwenye ukurasa wa wiki ya 14 msiikwangue, mtatoboa karatasi. Andikeni chini ya ukurasa kilichokuwa kimeandikwa, nani alifuta, na lini. Mama arudishiwe faini zote mbili, ya wiki ya 5 na ya wiki ya 14, mbele ya watu walewale waliosikia akitozwa, na kijana aelezwe kwa upole kwamba 500 ile haikuwa yake, naye hakuiomba. Wiki ya 9 nayo inyooshwe, ingawa inampunguzia mama.

Na chupa ile nyeupe niletewe mimi. Nina kiti kilichobanduka rangi.

Mlezi wenu