Kuhama nyumba Marekani: posta haikupelekei habari Uhamiaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwaandikie Waswahili wenzangu wanaoishi Marekani, hasa wale ambao maombi yao ya hifadhi bado yako mahakamani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kuwatafsiria barua ndugu wanaofika kanisani kwetu, na barua zinazonitia huzuni kuliko zote ni zile zilizofika kwenye nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuihama.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamtaka karibu kila mgeni asiye raia, mwenye grinikadi akiwemo, aitaarifu serikali anwani yake mpya ndani ya siku 10 tangu alipohama. Taarifa hiyo hutolewa kwa fomu AR-11 inayopelekwa USCIS, yaani idara ya Uhamiaji, bila malipo, na kila mmoja katika familia hujaziwa ya kwake, hata mtoto mchanga asiye raia. Nyumbani tulizoea kwamba mjumbe wa nyumba kumi ataona mizigo ikishushwa na habari itajulikana yenyewe. Huku hakuna anayetazama mizigo yako.

Wengi huenda posta, wakajaza karatasi ya kuhamishia barua, kisha wakaamini kwamba kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu posta haipeleki taarifa hiyo Uhamiaji, wala barua za USCIS kwa kawaida hazipelekwi kwenye anwani mpya, bali hurudishwa zilikotoka.

Kosa la pili ndilo zito zaidi, nalo hutokana na kudhani kwamba serikali ni moja. Mahakama ya uhamiaji iko chini ya Wizara ya Sheria, ilhali USCIS iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na AR-11 haifiki kwa hakimu. Mwenye kesi hujaza fomu nyingine, EOIR-33, kwa ajili ya mahakama inayosikiliza kesi yake, na muda wake ni mfupi zaidi: siku 5 za kazi. Nakala ya fomu hiyo hupelekwa pia kwa wanasheria wa serikali walio upande wa pili wa kesi.

Tuseme baba mmoja mwenye kesi alihamia nyumba mpya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, pamoja na mke na watoto wawili. Mahakama ilipaswa kupata taarifa kufikia Jumatatu, tarehe 10, na USCIS kufikia Alhamisi, tarehe 13. Akijaza AR-11 tu bila EOIR-33, mahakama itaendelea kutuma wito wa kusikilizwa kesi kwenye nyumba ya zamani, na kisheria wito uliotumwa kwenye anwani ya mwisho aliyoitoa mwenyewe huhesabiwa kuwa umetumwa ipasavyo. Siku ya kesi ikifika naye hayupo, hakimu anaweza kutoa amri ya kuondolewa nchini bila kumsikiliza. Amri hiyo yaweza kuombewa kufunguliwa upya, ndani ya siku 180 kama kulikuwa na dharura kubwa, au wakati wowote kwa ambaye wito haukumfikia; lakini mtu ambaye hakutoa anwani yake mpya atapata shida kuegemea sababu hii ya pili.

Niongeze jambo linalowaponza hata waangalifu. Kujaza EOIR-33 hakuhamishi kesi. Aliyetoka Teksasi akahamia Ohayo bado anatakiwa afike Teksasi, mpaka aombe rasmi kesi ihamishwe na hakimu akubali. Ombi lililotumwa lakini halijajibiwa halimwondolei wajibu wa kufika.

Ushahidi nao utunzwe. Anayetuma AR-11 kwa akaunti ya USCIS mtandaoni aweke pia namba ya risiti ya ombi lake, ili anwani ya ombi hilo nayo ibadilike; fomu ya karatasi haibadilishi yenyewe anwani ya maombi ambayo bado hayajajibiwa. Anayetuma kwa posta atumie njia inayompa stakabadhi, na abaki na nakala.

Hakuna haja ya kungoja barua ili kujua tarehe. Mtu achukue namba yake ya A, ile yenye tarakimu 9 aliyopewa na Uhamiaji, aiingize kwenye tovuti ya acis.eoir.justice.gov au apige 1-800-898-7180, ataambiwa kesi inayofuata ni lini na wapi. Simu hiyo hujibu kwa Kiingereza na Kihispania tu, kwa hiyo wazee wetu wengi watahitaji kijana wa kukaa nao pembeni wakati wa kupiga, na mimi huwashauri wapige kila mwezi, hata kama hawajahama.

Wako,
Mkalimani wa kujitolea,
Ohayo, Marekani