Saa 12:00 AM kwenye tiketi ni saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo ambalo mwezi uliopita lilimfanya mjomba wangu akeshe juu ya begi lake katika stendi ya mabasi ya Mbezi, Dar es Salaam. Tiketi yake ya kwenda Dodoma ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: Jumamosi, 12:00 AM. Yeye aliisoma kuwa ni saa kumi na mbili asubuhi. Mimi, niliyejiona mjuzi, nikamsahihisha kwamba hiyo ni saa sita usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi, na kwa kuwa mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, sikuona haja ya kuuliza. Nikamfikisha stendi saa tano usiku. Basi likaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kama alivyosoma mwenyewe.

Kwa kanuni nilikuwa sahihi, lakini karani hakuandika kwa kanuni hiyo. Alichukua saa yetu ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, akaibandika herufi za saa ya Kizungu, ambayo huanza katikati ya usiku. Saa hizo mbili zimepishana kwa saa sita, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi alipaswa kuiandika 6:00 AM.

Hata pasipo kuchanganya saa hizo mbili, namba 12 ina utata wake. AM na PM ni vifupi vya maneno ya Kilatini yenye maana ya kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri. Adhuhuri yenyewe haiwezi kuwa kabla wala baada ya nafsi yake, na saa sita usiku iko mbali sawasawa na adhuhuri iliyopita na ile ijayo, kwa hiyo maneno yenyewe hayatoi jibu. Kinachotoa jibu ni mazoea: dakika moja baada ya saa sita mchana ni PM bila ubishi, na ndiyo maana simu na kompyuta huonyesha saa sita mchana kuwa 12:00 PM, na saa sita usiku kuwa 12:00 AM. Hata hivyo, mazoea haya hayakuwa ya wote tangu mwanzo. Mwongozo wa uandishi wa ofisi ya uchapaji ya Serikali ya Marekani ulikuwa ukisema kinyume, kwamba 12 PM ni usiku, ukaja kubadilishwa katika toleo la mwaka 2008.

Kwenye mikataba, ugumu zaidi uko katika tarehe kuliko katika saa. Chukua mkataba wa pango unaosema kwamba mpangaji atakabidhi nyumba tarehe 30 Juni saa 12:00 AM. Kwa kanuni, huo ni mwanzo wa tarehe 30, yaani usiku ule ambao tarehe 29 inamalizika, na mpangaji anayedhani bado ana siku nzima ya kuhamisha vyombo vyake amekwisha kuchelewa. Kuandika “saa sita usiku wa tarehe 30” hakusaidii, kwa sababu tarehe 30 ina saa sita usiku mbili, moja ya kuifungua na nyingine ya kuifunga. Isitoshe, wako wazee wetu ambao kwao siku huingia magharibi, na wakisema usiku wa Ijumaa humaanisha usiku unaofuata Alhamisi.

Dawa yake si ngumu. Anayeandika mkataba aepuke saa sita usiku kabisa, aandike 23:59 ya tarehe 30 au 00:01 ya tarehe 1 Julai. Dakika moja haimpunguzii mtu kitu, na tarehe inakuwa haina ubishi. Kadi ya kliniki iandikwe “saa sita mchana”, maana mgonjwa aliyeambiwa asile kitu kabla ya kipimo hapaswi kubahatisha. Tiketi za ndege kwa kawaida hutumia saa 24, lakini abiria wa Jumamosi 00:15 ajue kwamba anatakiwa awe uwanjani Ijumaa usiku, si Jumamosi usiku, ndege ikiwa imekwisha kuondoka. Naye anayepokea karatasi iliyoandikwa 12:00 asimuulize karani kama ni AM au PM, bali amuulize kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kama ni usiku, ni wa kuamkia siku gani.

Tiketi ya mjomba ya kurudi niliikata mimi mwenyewe, nikasimama dirishani mpaka karani akaandika: Jumatano, saa 12:00 asubuhi (06:00). Mjomba aliisoma, akaikunja, kisha akanionya nisimsahihishe tena.

Msomaji wako,
Dar es Salaam