Ndoo Tano za Rangi na Shilingi 58,800

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja, mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, aliingia ofisini hata salamu hakumaliza. "Dada, nakulipa kila mwezi, halafu vitabu vyako vinaniibia!" Muuza rejareja wa Morogoro alikuwa amemtumia shilingi 2,998,800, wakati vitabu vilisema anadaiwa 2,940,000 tu. Kama yule bwana angekuwa mjanja, shilingi 58,800 zingepotea kimyakimya.

Nilimwomba akae, nikaagiza chai. Ankara ilikuwa imeandikwa na mpwa wake, sisi tukaletewa jumla mwisho wa mwezi. Ndiyo njia ya mkato ninayoipigia kelele kila siku: kijana aandike, mhasibu "apitie tu".

Mauzo yenyewe yalikuwa hivi. Ndoo 50 za rangi, bei ya orodha shilingi 80,000 kila moja, jumla 4,000,000. Mnunuzi wa jumla anapewa punguzo la biashara la asilimia 15, kwa hiyo ankara ni 3,400,000. Punguzo hili haliingii kwenye leja kabisa. Linaishia kwenye karatasi ya ankara, kwa sababu ile milioni nne hakuna aliyewahi kukubaliana kuilipa. Bei halisi ya ndoo ni 68,000. Chini ya ankara kukaandikwa masharti: 2/10, n/30. Maana yake, ukilipa ndani ya siku kumi unakata asilimia mbili. Ukichelewa, unalipa yote kabla ya siku thelathini kwisha. (VAT nimeiacha pembeni hapa ili hesabu isomeke.)

Siku ya nne ndoo tano zikarudi, mifuniko imepasuka. Mpwa akafungua orodha ya bei, akaona 80,000, akaandika marejesho ya 400,000. Deni likabaki 3,000,000, na ukikata asilimia mbili ni ile 2,940,000 ya vitabuni. Hapo ndipo kosa lilipo. Kitu kinarudi kwa bei ambayo kilitoka nayo, yaani 68,000 kila ndoo, jumla 340,000. Deni linabaki 3,060,000, na asilimia mbili yake ni 61,200. Mnunuzi akatuma 2,998,800. Alikuwa sahihi kabisa.

Mteja akauliza, "Sasa hiyo asilimia mbili unaiandika wapi?" Ziko njia mbili. Kwa njia ya jumla unamdebiti mdaiwa 3,400,000 siku ya mauzo, na punguzo la kulipa mapema huligusi mpaka alipe. Akilipa kwa wakati unadebiti fedha 2,998,800, unadebiti punguzo la mauzo 61,200, unamkrediti mdaiwa 3,060,000. Kwa njia ya halisi unaanza ukiamini atalipa mapema, kwa hiyo unaandika 3,332,000 tangu mwanzo. Akilipa kwa wakati, huna kingine cha kuandika zaidi ya fedha na mdaiwa. Akichelewa, zile 61,200 zinaingia kama mapato ya punguzo lililopotezwa, kwenye akaunti yake peke yake, wala si kwenye mauzo ya rangi.

Mimi napenda njia ya halisi, hasa upande wa manunuzi. Ukiandika mzigo wa kiwandani kwa bei ya baada ya punguzo, kila unapochelewa kulipa akaunti ya mapunguzo yaliyopotezwa inakusuta. Asilimia mbili kwa siku ishirini za kuchelewa inaonekana ndogo, lakini ukiizungusha kwa mwaka ni kama asilimia 37. Nimewahi kumwonyesha mteja akaunti hiyo, akaenda kukopa benki ili alipe mapema, na alifanya vizuri.

Ubaya ni pale watu wanapochanganya njia. Kwa njia ya halisi zile ndoo tano zinarudi kwa 333,200. Ukizirudisha kwa 340,000, mdaiwa anabaki na 2,992,000, analipa 2,998,800, na kwenye leja yake inabaki krediti ya 6,800. Nikiona kisalio cha ajabu namna hiyo, nakigawa kwa 0.02. Hapa unapata 340,000, na mara moja najua ni marejesho gani niyafuate.

Jingine ni kupunguza marejesho moja kwa moja kwenye mauzo, au kuchora mstari juu ya ankara. Tuna mteja wa vigae tuliyembembeleza miezi miwili afungue akaunti ya marejesho ya mauzo. Ilipofunguliwa ikaonekana karibu mzigo wote uliorudi ulipitia gari moja. Kwenye ankara zilizochorwachorwa angeliona wapi?

Mwenye rangi alimaliza chai, akauliza kama bei yetu ya mwezi inaweza kushuka kidogo. Nilimwambia punguzo lipo, asilimia mbili, akilipa ndani ya siku kumi. Mpaka leo ni siku ya nane.