Majina ya mahaba tuliyoyaunga kwa lugha mbili yanatugonganisha na ndugu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mke wangu ni Mkikuyu wa Nyeri, na makao yetu ni Nakuru. Tangu uchumba tumekuwa tukiitana kwa majina tunayoyaunga wenyewe, nusu Kiswahili na nusu Kikuyu. Kwa kuwa katika lugha yake ka- hudogosha kwa upendo, na hata msichana huitwa kairitu, niliitanguliza ka- hiyo mbele ya asali, irabu mbili zikamezana, likapatikana Kasali. Nikitaka kumdekeza zaidi husema "Kasali gakwa", yaani Kasali wangu. Naye aliunganisha mume na mwendwa, ambalo kwao ni mpendwa, akaniita Mumendwa.

Kwa faragha majina haya hayana kasoro. Lakini mama yangu alipokuja kututembelea akasikia Kasali, aliniita uani akaniuliza kwa nini namdunisha mke wangu, kwani masikioni mwake ka- ni ya kadude na kajitu. Nilimweleza asili yake. Akanijibu kwamba yeye si Mkikuyu, na kwamba majirani zake Pangani nao si Wakikuyu.

Kwa upande wa pili, mashemeji zangu walilikata Mumendwa kichwa na mkia, wakabaki na Mende. Utani wa shemeji naujua na sikasiriki upesi, ila juzi mtoto wa jirani naye aliniamkia, "Shikamoo, Mzee Mende." Hapo ndipo nilipotambua kwamba jina la kuunga halipimwi likiwa zima tu, bali pia kwa vipande litakavyokatwa na watu wengine.

Nimejaribu kuligeuza liwe Mwendume, lakini hilo mashemeji watalikata libaki Ndume, na sina hakika kwamba huko ni kupona. Laazizi wakwa ni salama, ila hayo ni maneno mawili yaliyowekwa bega kwa bega, hayajaungana. Lililonipendeza ni Mwenzakwa, nililolitoa kwenye mwenzangu kwa kuondoa -angu na kuweka -akwa ya Kikuyu yenye maana ileile. Hata likikatwa, hubaki Mwenza, ambalo halina aibu mbele ya mzazi yeyote. Mke wangu hataki. Anasema jina linalotufaa sote wawili halimwiti mtu, na kwamba Kasali ni lake, haliachi kwa sababu ya majirani wa Pangani asiowajua.

Shangazi, naomba ushauri wako. Je, nimwite Kasali tukiwa wawili tu, na mbele ya mama nimwite Mama Fulani kama ilivyo desturi ya kwetu, ingawa bado hatujajaliwa mtoto? Au niendelee kulitamka waziwazi mpaka mama alizoee? Na hawa mashemeji, niwaombe waache, au nikiomba ndipo watazidi?

Mume wa Nakuru